Umbali Ulioachwa Mlangoni: kwa nini gemu za PlayStation ya kwanza zilitetemeka

Chukua Tomb Raider, ile ya mwaka 1996, uicheze kwenye PlayStation ya kwanza. Mpeleke Lara Croft mpaka kwenye ukuta wa mawe, mgeuze ubavu ili ukuta ukimbilie mbele kama uchochoro, kisha msogeze hatua moja moja. Mistari ya matofali, ambayo fundi yeyote angeinyoosha kwa uzi, inapinda. Inavunjika katikati ya ukuta, mahali pasipo na kona wala ufa. Ukisogea tena inavunjika kwa namna nyingine, kana kwamba picha ya matofali inateleza juu ya ukuta badala ya kushikamana nao. Mtazame na Lara mwenyewe anapotembea mbali na kamera: mabega, magoti na kingo za uso vinacheza kidogo kidogo, hata pale ambapo mwili ulitakiwa utulie.

Waliokulia na mashine ile wanaijua hali hii vizuri, na ukiwauliza sababu wengi watakujibu kwamba mashine ilikuwa dhaifu. Jibu hilo halitoshi. Mashine dhaifu ingechelewa, au ingechora vitu vichache. Kwa nini itetemeke, na kwa nini ipinde mistari iliyonyooka? Hizi ni kasoro mbili, na kila moja ina hesabu yake, lakini zimezaliwa mahali pamoja. Chipu iliyokuwa ikichora picha haikuwahi kuambiwa kwamba kuna kitu kinaitwa mbali na karibu. Ilikuwa inachora kwenye karatasi bapa, na dunia yote yenye marefu, mapana na kina ilikuwa imekwisha kulazwa kabla haijaifikia.

Sony waliitoa PlayStation nchini Japani tarehe 3 Desemba 1994, ikafika Marekani na Ulaya Septemba 1995. Ndani yake, kazi ya kutengeneza picha iligawanywa kwa mafundi wawili. Wa kwanza aliitwa GTE, naye alikaa ndani ya chipu ya prosesa kuu. Kazi yake ilikuwa hesabu tu: alipewa ncha za kila umbo zilivyokaa katika dunia ya gemu, akazizungusha kufuata kamera, akapata kila ncha inaangukia wapi kwenye skrini. Wa pili ni GPU, mchoraji. Huyu alikuwa na memori yake ya megabaiti 1, na alijaza rangi katika pembetatu alizoelekezwa. Kati yao kulikuwa na mlango, na mkasa wote uko hapo mlangoni.

Kazi ya fundi wa kwanza unaweza kuielewa ukiwa dirishani. Simama ndani, fumba jicho moja, kisha chora kwa chaki juu ya kioo kile unachokiona nje. Nguzo ya umeme iliyo karibu itakuwa ndefu kwenye kioo, na nyingine ya urefu uleule iliyo mwisho wa barabara itakuwa fupi kama kidole. Kanuni yake ni fupi: chukua umbali wa ncha kutoka katikati, uzidishe kwa umbali wa kioo kutoka jichoni, kisha ugawanye kwa umbali wa kitu chenyewe. Kugawanya huko kwa umbali ndiko kunakofanya vya mbali vionekane vidogo. GTE aliifanya hesabu hiyo kwa kila ncha, kwa kasi nzuri, na akaifanya sawasawa.

Kisha matokeo yalifungwa katika kifurushi na kupelekwa kwa mchoraji. Kifurushi cha pembetatu moja yenye picha, watengenezaji wa gemu walikiita `POLY_FT3`. Nikiacha sehemu za rangi na mahali picha ilipohifadhiwa, kilichobaki ndani yake ni hiki:

```
short  x0, y0;   u_char u0, v0;
short  x1, y1;   u_char u1, v1;
short  x2, y2;   u_char u2, v2;
```

Herufi x na y zinasema ncha iko wapi kwenye skrini, kulia au kushoto, juu au chini. Herufi u na v zinasema ni sehemu gani ya picha inayobandikwa kwenye ncha hiyo. Tafuta herufi z, ile ya umbali. Haimo. GTE alikuwa ameutumia umbali kugawanyia, na alipomaliza akauacha upande wake wa mlango. Tazama pia neno `short`: maana yake ni namba kamili, isiyo na desimali. Kwa hiyo vitu viwili vilibaki mlangoni, desimali za mahali pa ncha na umbali wake. Cha kwanza kilileta mtetemo, cha pili kikaleta mistari iliyopinda.

Tuanze na mtetemo. Chukua ncha mbili za uso wa mhusika, tuseme pembe ya jicho na ncha ya pua. Ya kwanza iko vipimo 200 kutoka katikati ya mtazamo wa kamera na ya pili iko 207. Kioo chetu kiko vipimo 300 kutoka jichoni, na mhusika amesimama umbali wa 1,000. Jicho linaangukia pikseli ya 200 × 300 ÷ 1,000, yaani 60. Pua inaangukia 62.1. Desimali inakatwa mlangoni, kwa hiyo mchoraji anapokea 60 na 62. Nafasi kati yao ni pikseli 2.

Sasa kamera imsogelee taratibu. Kwenye umbali wa 980, hesabu ya kweli ni 61.22 na 63.37, mchoraji anapokea 61 na 63, nafasi bado ni 2. Kwenye 970 ni 61.86 na 64.02. Desimali zikikatwa zinabaki 61 na 64, na ghafla nafasi ni 3. Kwenye 960 ni 62.5 na 64.69, yaani 62 na 64, nafasi imerudi 2. Kwenye 950 ni 2 tena, kwenye 940 ni 3, kwenye 930 ni 2. Nafasi ya kweli kati ya jicho na pua ilikuwa ikikua polepole sana, kutoka pikseli 2.1 hadi 2.26, ukuaji ambao jicho la mtu lisingeuona. Kilichoonekana ni uso unaopanuka kwa nusu nzima, unajirudi, unapanuka tena, mara kadhaa ndani ya sekunde moja.

Kila ncha inaruka kwenda pikseli inayofuata kwa wakati wake, bila kuwasubiri majirani. Ncha zote zingeruka pamoja ungeona umbo zima likisogea kwa hatua, jambo la kawaida katika gemu za zamani za picha bapa. Zikiruka moja moja umbo linavunjika na kujiunga upya kila fremu. Kwenye skrini ya pikseli 320 kwa 240, ambayo gemu nyingi ziliitumia, pikseli moja ni kubwa. Mhusika aliye mbali ana pikseli chache tu za uso, na kosa la pikseli moja kwake ni kubwa kuliko kwa ukuta ulio karibu. Ndiyo maana watu wa mbali walitetemeka kuliko wa karibu. Ndiyo maana pia mtetemo ulikoma kila kitu kiliposimama: hesabu ileile ikirudiwa, desimali zilezile zinakatwa.

Kuna maelezo yaliyoenea sana kwamba kosa lilikuwa mashine kukosa kitengo cha hesabu za desimali zinazoelea. Ni kweli kitengo hicho hakikuwapo, lakini si hicho kilicholeta tatizo. GTE alifanya hesabu zake kama karani anayeandika fedha zote kwa senti: hana alama ya desimali popote, lakini hapotezi senti hata moja, kwa sababu anajua kwamba 100 zake ni shilingi 1. Katika namba zake za kuzungushia maumbo, 4,096 ilimaanisha 1. Na alipohesabu mahali pa ncha kwenye skrini alikuwa na senti za kutosha mkononi. Alizikata mwishoni kwa sababu mchoraji hakuwa na pa kuzipokea. Mchoraji angejua kuanza pembetatu kwenye robo au nusu ya pikseli, sehemu kubwa ya mtetemo ingekwisha hata bila kitengo kile. Senti kidogo zilipotea mapema zaidi pia, wakati wa kuzungusha maumbo, na kwa vitu vidogo sana hilo lilionekana. Lakini mkato mkubwa ulikuwa pale mlangoni.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nami naona ndiyo inayofundisha mengi kuhusu jinsi picha za namna hii zinavyotengenezwa. Picha inayobandikwa juu ya pembetatu, iwe ya matofali, nyasi au kitambaa, watu wa gemu huiita teksicha. Mimi nitaiita ngozi. Mchoraji anajua ni sehemu gani ya ngozi iko kwenye kila ncha. Pikseli zote zilizo katikati ya ncha inambidi azikadirie. GPU ya PlayStation ilikadiria kwa njia rahisi kuliko zote, kugawa sawasawa. Nusu ya njia kwenye skrini ni nusu ya njia kwenye ngozi, na robo ni robo.

Kwa ukuta unaokutazama uso kwa uso, njia hiyo ni sahihi kabisa. Lakini chukua sakafu yenye safu 10 za marumaru. Ukingo wake wa karibu uko umbali wa 100 na wa mbali uko 400, kwa hiyo kila safu ina vipimo 30. Weka kidole kwenye skrini katikati kabisa ya ukingo wa karibu na ule wa mbali. Unagusa umbali gani? Macho ya haraka yatasema 250, katikati ya 100 na 400. Jibu la kweli ni 160. Vya mbali vimebanwa juu na vya karibu vimetandazwa chini, kwa hiyo nusu ya chini ya picha hiyo inatosha safu 2 tu za marumaru, na nusu ya juu inabeba safu 8 zilizobaki. Kila aliyesimama mlangoni mwa ukumbi mrefu ameliona hili.

PlayStation ilitandaza safu 5 chini na safu 5 juu. Umbo la sakafu lilikuwa sahihi, maana ncha zake nne zilikwisha kugawanywa kwa umbali na GTE, lakini ngozi iliyolazwa juu yake haikujua kwamba sakafu inakwenda mbali. Tena mchoraji huyu hata akipewa umbo la pembe nne aliligawa kuwa pembetatu mbili, na kila pembetatu ilikadiria kwa ncha zake tatu bila kujua habari za mwenzake. Mistari inayokwenda mbali ilipofika kwenye mshazari unaotenganisha pembetatu hizo ilibadili mwelekeo. Huo ndio mvunjiko unaouona katikati ya ukuta wa Tomb Raider, pasipo kona. Na kwa kuwa kosa hubadilika kila umbali unapobadilika, ngozi inaonekana kuogelea unapotembea.

Dawa ya kosa hili ilijulikana miaka mingi kabla, nayo si ngumu kuielewa. Badala ya kugawa ngozi sawasawa, unaigawanya kwanza kwa umbali, unagawa sawasawa matokeo hayo, kisha unarudisha. Kwenye sakafu yetu, namba ya safu kwa umbali ni 0 kwenye ukingo wa karibu, na kwenye ukingo wa mbali ni 10 ÷ 400, yaani 0.025, katikati yake ni 0.0125. Kinyume cha umbali ni 0.01 karibu na 0.0025 mbali, katikati yake ni 0.00625. Gawanya 0.0125 kwa 0.00625 upate 2. Safu ya pili, jibu lilelile la kweli.

Gharama iko katika ule mgawanyo wa mwisho, kwa sababu lazima urudiwe kwa kila pikseli. Skrini ya 320 kwa 240 ina pikseli 76,800. Kwa fremu 30 kila sekunde, hiyo ni migawanyo zaidi ya milioni 2.3, hata kabla ya kuhesabu pikseli zilizochorwa mara mbili kwa sababu umbo moja lilikuja juu ya jingine. Prosesa kuu ya PlayStation ilipiga mapigo karibu milioni 34 kwa sekunde na mgawanyo mmojamoja uliila mapigo 36. Ingepewa kazi hiyo peke yake ingehitaji mapigo zaidi ya milioni 80. Kitengo maalumu cha kugawanya ndani ya GPU kingewezekana, ila kingeongeza ukubwa wa chipu katika mashine iliyouzwa Marekani kwa dola 299. Kuzidisha na kujumlisha ni rahisi kujenga ndani ya silikoni. Kugawanya ni ghali. Sony wakachagua mchoraji mwepesi anayejaza pembetatu nyingi haraka. Nikizitazama gemu zilizotoka miaka ile, naona walichagua vema.

Kazi ya kuficha kosa ikabaki kwa waandishi wa gemu, na njia yao kuu ilikuwa kukatakata. Sakafu yetu ikikatwa vipande 10, kila safu kipande chake, kosa la kila kipande haliwezi kutoka nje ya safu yake. Safu ya kwanza, kutoka 100 hadi 130, katikati yake ya kweli kwenye skrini ni asilimia 43 ya safu badala ya 50. Jicho halioni tofauti hiyo. Gemu nyingi zilikata maumbo yaliyo karibu na kamera tu, ambako kosa ni kubwa, na kuyaacha ya mbali mazima.

Hapa kasoro mbili zikakutana na kugombana. Ukuta wa karibu ukikatwa, ukingo wake unapata ncha mpya katikati. Jirani yake ambaye hakukatwa anao ukingo uleule, ila kwake ni mstari mmoja mrefu. Ncha mpya ilitakiwa ikae juu ya mstari huo kabisa. Lakini ncha hiyo nayo hukatwa desimali mlangoni, ikaangukia pembeni kidogo, na kati ya kuta mbili ukafunguka ufa wa pikseli moja. Kupitia ufa huo huonekana rangi ya nyuma, nukta zinazometameta kwenye viungo vya sakafu na kuta. Ukiziona nukta hizo, ujue mtengenezaji alikuwa akitibu ngozi iliyopinda na akalipia kwa desimali zilizokatwa. Tena kila kipande kipya ni ncha zaidi za kuhesabu na vifurushi zaidi vya kupeleka.

Wengine walilikwepa tatizo badala ya kulitibu. Mwili wa Crash Bandicoot, katika gemu ya kwanza ya mwaka 1996, ulikuwa na poligoni 512, na karibu zote hazikuvikwa ngozi bali zilipakwa rangi. Pasipo ngozi hakuna cha kupinda. Resident Evil ya mwaka huohuo na Final Fantasy VII ya mwaka 1997 zilitumia mandhari zilizochorwa mapema kama picha, na wahusika wachache tu ndio waliohesabiwa kwa wakati ule. Kamera ilisimama, chumba hakikutetemeka.

Mashine nyingine za kizazi kile zilichagua maumivu mengine. Sega Saturn, iliyotangulia PlayStation kwa siku chache huko Japani, ilichora kwa maumbo ya pembe nne, ikivuta picha nzima hadi kwenye pembe zake, na ngozi zake zilipinda kwa namna yao. Kwenye kompyuta, Quake ya mwaka 1996 ilipita njia ya kati: iligawanya kwa umbali kila baada ya pikseli 16, na kati ya hapo ikagawa sawasawa, kosa likawa dogo kiasi cha kutoonekana. Nintendo 64, iliyotoka Japani Juni 1996, iliubeba umbali mpaka kwa mchoraji. Kuta zake zimenyooka na wahusika wake wametulia. Lakini sehemu yake ya kushikia ngozi wakati wa kuchora ilikuwa kilobaiti 4 tu, hivyo picha ndogo zilivutwa juu ya kuta kubwa na zikaonekana na ukungu. Zilinganishe mashine hizo mbili na utaona matofali makali yanayoogelea upande mmoja, na matofali yaliyotulia lakini hafifu upande wa pili.

Leo wengi hucheza gemu hizi kwa emuleta, programu inayoigiza mashine ya zamani ndani ya kompyuta au simu. Wanaoanza hupandisha ukubwa wa picha mara nne au mara nane wakitumaini mtetemo utapona, kisha hushangaa unapoonekana wazi zaidi. Kingo zimekuwa laini, lakini ncha bado zinaruka kwa hatua za pikseli zilezile kubwa za zamani. Dawa yake katika emuleta kama DuckStation imeandikwa `PGXP`. Kazi yake ni kusimama mlangoni: kila GTE anapohesabu ncha, inaandika pembeni matokeo kamili pamoja na desimali na umbali, inaifuata namba hiyo inavyopita kwenye memori, na mchoraji anapopokea kifurushi inamrudishia vilivyokatwa. Gemu yenyewe haibadilishwi. Ikiwa programu ya gemu imeichezea namba njiani kwa namna isiyotarajiwa, ufuatiliaji hukatika, na utaona ncha moja imeruka peke yake huku nyingine zimetulia.

Chipu za picha za sasa hugawanya kwa umbali kwenye kila pikseli bila kuombwa. Wachoraji wanaotaka sura ile ya mwaka 1995 katika gemu mpya hulazimika kuizima kazi hiyo kwa makusudi, na katika lugha ya GLSL neno la kuizimia ni moja:

```
noperspective out vec2 uv;
```